Ripoti ya ajali ya saiti kwa mteja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya makandarasi, maafisa wa usalama na wasimamizi wa saiti walioko Kenya ambao mfanyakazi wao ameumia na sasa mteja anasubiri maandishi. Mfano mmoja unatumika tangu mwanzo hadi mwisho. Ni wa kutunga, ila aliyewahi kushinda kwenye mjengo ataujua. Jengo la ghorofa nne, Mtwapa. Jumatano saa nne na dakika arobaini asubuhi, mtu wa mkono anayempelekea fundi karai la plasta anakanyaga ncha ya ubao wa skafoldi. Ubao unanyanyuka upande wa pili, naye anaanguka mita 3.8 hadi chini. Amevunjika kifundo cha mkono na cha mguu, yuko hospitalini, na anaongea.

Mteja aarifiwe lini?

Siku hiyo hiyo. Majeruhi akishaondoka saiti na eneo likishazungushiwa utepe, piga simu, kisha tuma maandishi kabla jua halijatua. Mikataba inayofuata FIDIC ya 1999, muundo wa kimataifa wa mikataba ya ujenzi, kifungu cha 6.7, inamtaka mkandarasi ampelekee Mhandisi maelezo ya ajali mapema iwezekanavyo, na mingi ya mikataba ya miradi mikubwa huongeza saa kamili: 24 ndiyo utakayoikuta mara nyingi. Soma mkataba wako kabla ajali haijatokea. Usiku wa ajali si wakati wa kutafuta faili.

Mteja akisikia habari kwanza kwa jirani wa ploti au kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji watarajiwa, kila utakachoandika baadaye atakisoma kwa jicho la mtu aliyefichwa jambo.

Ripoti ni moja au mbili?

Ni mbili, na makosa mengi huanza pale watu wanapozichanganya. Ya kwanza ni taarifa ya awali, nusu ukurasa, inayosema kilichotokea. Ya pili ni ripoti ya uchunguzi, inayosema kwa nini. Ya kwanza hutoka siku ya ajali. Ya pili ichukue muda wake, juma moja au mawili kwa ajali ya aina hii, na tarehe yake uitaje ndani ya ile ya kwanza.

Anayejaribu kueleza chanzo ndani ya taarifa ya awali huishia kuandika uvumi wa saa ya kwanza. Kwenye mfano wetu, saa ya kwanza saiti nzima ilisema kijana aliteleza kwa sababu ya viatu. Viatu havikuhusika hata kidogo.

Taarifa ya awali iandikwe vipi?

Hivi inatosha:

"Kwa Mhandisi wa Mradi, nakala kwa Mteja. Leo Jumatano saa 4:40 asubuhi mfanyakazi mmoja wa kiume wa mkandarasi mdogo wa plasta alianguka kutoka skafoldi ya upande wa mashariki, jukwaa la pili, kimo cha mita 3.8. Alipewa huduma ya kwanza na kufikishwa hospitalini saa 5:25. Ana fahamu, daktari anashuku mivunjiko miwili, mkononi na mguuni. Hakuna mwingine aliyeumia. Kazi kwenye skafoldi zote imesimamishwa na eneo limezungushiwa utepe. Chanzo kinachunguzwa. Ripoti kamili itawafikia kabla ya Jumatano ya juma lijalo. Afisa wa usalama wa eneo atapelekewa taarifa kwa fomu ya kisheria."

Humo hamna "inasikitisha", wala "licha ya jitihada zetu zote za usalama". Maneno hayo mteja huyaruka. Mhandisi huyasoma, na humfanya ajiulize kwa nini umeanza kujitetea kabla hujaulizwa.

Nimwandikie mteja mwenyewe au mhandisi?

Fuata mkataba. Palipo na Mhandisi au msanifu anayemwakilisha mteja, barua huenda kwake na mteja hupata nakala. Kwenye nyumba ya mtu binafsi isiyo na msimamizi, andika moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kwa lugha nyepesi zaidi, na umweleze "jukwaa la pili" ni wapi. Piga picha ya jengo uiwekee mshale.

Nikishamwandikia mteja, nimemaliza upande wa sheria?

Hapana. Ripoti ya mteja ni deni la mkataba. Sheria ina madeni yake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampelekee afisa wa usalama na afya kazini wa eneo hilo taarifa ya maandishi ndani ya siku 7 kwa ajali iliyojeruhi bila kuua. Mtu akifa, afisa aarifiwe ndani ya saa 24, kisha maandishi yafuate ndani ya siku 7. Kando yake iko Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo watu wa saiti huiita WIBA. Nayo inampa mwajiri siku 7 tangu ajue kuhusu ajali aipeleke kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na hapo ndipo fidia ya mfanyakazi inapoanzia. Fomu ni DOSH/WIBA 1, na ina sehemu ya kujazwa na daktari. Sehemu hiyo ndiyo huchelewesha kila kitu, kwa hiyo mtume mtu hospitalini na fomu mkononi siku ya pili, asisubiri kuitwa.

Kampuni ya bima nayo ipewe taarifa. Mkataba wa bima una muda wake, na muda huo hauna habari na siku 7 za sheria.

Kwenye ripoti ya mteja, weka mistari mitatu inayosema nani ameshaarifiwa na tarehe gani. Mteja hahitaji nakala ya fomu ya WIBA, na humo mna mambo ya mfanyakazi yasiyomhusu.

Aliyeumia ni wa mkandarasi mdogo. Nani aripoti?

Kwa mteja, mkandarasi mkuu. Yeye ndiye mwenye mkataba na mteja, na saiti iko mikononi mwake. Fomu za WIBA ni za mwajiri, yaani aliyekuwa anamlipa kijana. Ikiwa kijana alikuwa kibarua wa kulipwa jioni, hakuandikishwa popote na mkandarasi mdogo anasema "simjui", andika ulichokiona: alikuwa saiti, alikuwa kwenye daftari la kuingia getini, alikuwa anabeba karai la fundi wa nani. Daftari la getini ni shahidi asiyebabaika. Kama saiti yako haina, hapo ndipo utakapojua thamani yake.

Eneo la ajali tuliache hivyo kwa muda gani?

Likae mpaka lipigwe picha, lipimwe na kuchorwa, na mhandisi aone au aseme haji. Jeraha likiwa baya sana, au mtu akifa, usiguse kitu mpaka afisa wa serikali aruhusu, isipokuwa kumwokoa mtu au kuzuia ajali nyingine.

Hatari kubwa ni msimamizi mwenye bidii. Nusu saa baada ya ajali ameshaurudisha ubao mahali pake na kuufunga kwa waya, kwa nia njema, asije akaanguka mwingine. Amefuta ushahidi. Mwambie afunge njia ya kupandia, aondoe ngazi, aache mbao.

Picha za mbali ni za kuonyesha jengo. Zinazojibu maswali ni za karibu, zenye futi ndani yake: ncha ya ubao imezidi bomba la mwisho kwa kiasi gani, mbao zina unene gani, waya wa kufungia upo au haupo, kadi ya ukaguzi inasema nini na ya tarehe gani.

Mashahidi waandikishwe vipi?

Mmoja mmoja, siku hiyo hiyo, kwa lugha wanayoongea. Ukimwandikisha fundi wa Mtwapa kwa Kiingereza cha ofisini utapata maelezo yako mwenyewe yenye sahihi yake. Mwache aseme: "Nilimwambia nyanyua karai pale, akapita mwisho wa ubao, nikasikia ubao umegonga chuma, kugeuka simwoni." Andika hivyo hivyo. Sentensi hiyo ina jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: ubao uligonga chuma. Maana yake ncha ya pili ilinyanyuka ikarudi.

Usiwakusanye wote chini ya mti mmoja. Baada ya dakika kumi watakuwa na hadithi moja, ya yule anayeongea sana. Saiti yenye wafanyakazi 20 au zaidi inatakiwa na sheria iwe na kamati ya usalama na afya. Mjumbe wa upande wa wafanyakazi akae kwenye uchunguzi, kwa kuwa ataambiwa mambo ambayo afisa wa usalama haambiwi.

Sehemu ya chanzo iandikwe vipi?

Sehemu hii ndiyo mteja anayoilipia, na ndiyo huandikwa vibaya kuliko zote. Tuichukue hatua kwa hatua.

Kilichopimwa: ubao una urefu wa mita 3.9, upana wa milimita 225 na unene wa 38. Ncha yake ilizidi bomba la mwisho la kubeba mbao kwa milimita 600. Kanuni ya kazi inayotumika sana kwa mbao za aina hii ni kwamba ncha izidi kwa angalau milimita 50 na isipite mara nne ya unene wa ubao, yaani karibu 150. Ubao haukufungwa. Upande mrefu wa jukwaa ulikuwa na reli ya kinga, lakini kwenye kichwa chake, alikoangukia, haikuwepo.

Sasa fanya hesabu ndogo, uiweke ndani ya ripoti. Ubao wenyewe una uzito wa kilo 17 hivi. Katikati yake iko mita 1.35 kutoka bomba la mwisho, kwa hiyo nguvu inayoushikilia chini ni 17 mara 1.35, sawa na 23. Kijana na karai lake ni kilo 90 hivi, na alikanyaga nusu mita nje ya bomba: 90 mara 0.5, sawa na 45. Karibu mara mbili. Angepita mhandisi, angepita mteja mwenyewe bila karai, ubao ungenyanyuka vile vile. Na kama ncha ingezidi kwa milimita 150 tu, mtu huyo huyo na karai lake asingeweza kuunyanyua.

Hapo ndipo hadithi ya viatu inapokufa, na unaanza kuuliza swali lenye maana: kwa nini ubao ulikuwa vile?

Kadi ya kijani ya ukaguzi ilikuwa ya Jumatatu, na Jumatatu skafoldi ilikuwa sawa. Picha za maendeleo za siku hiyo zinaonyesha kichwa cha jukwaa kina ubao mfupi uliofunika bomba vizuri. Jumanne mchana mafundi wa fomuweki, kundi lingine kabisa, walichukua mbao tatu kwenda kushikilia fomuweki ya ngazi, na ule mfupi ukiwemo. Mmoja wao akausogeza ubao mrefu kuziba pengo, ili watu wasitumbukie. Alidhani anasaidia. Hakuna aliyekagua tena, kwa sababu ukaguzi wa saiti hii ulikuwa wa kila juma na hakukuwa na agizo la kukagua skafoldi ikishaguswa.

Kwa nini walichukua mbao za skafoldi? Kwa sababu mbao za fomuweki zilikuwa zimeagizwa na hazijafika, na zege la ngazi lilikuwa limepangwa Alhamisi. Fundi wa plasta anasema Jumanne jioni alimwambia msimamizi kwamba mbao zinahamishwa. Msimamizi anasema hakumbuki.

Kwenye ripoti hayo yote yaingie, kila jambo likiwa na mwenyewe: kilichopimwa, kilichoonekana kwenye picha, kilichosemwa na shahidi wa kwanza, kilichosemwa na wa pili. Mahali ambapo wawili hawakubaliani, andika hawakubaliani. Si kazi yako kuamua nani mwongo.

Naweza kuandika "uzembe wa mfanyakazi"?

Unaweza, na mhandisi mwenye uzoefu atairudisha. Kijana alikanyaga jukwaa lenye kadi ya kijani. Kadi ile inasema: panda. Ukiandika uzembe, hatua ya kurekebisha itakuwa "wafanyakazi wakumbushwe kuwa waangalifu", na ubao unaofuata utanyanyuka kama huu.

Kuna ajali ambazo mtu amevunja agizo analolijua, mathalani ameondoa reli makusudi ili apitishe mabati. Hata hapo andika alichofanya, usiandike tabia yake. "Aliondoa reli saa tatu na hakuirudisha" ni jambo linaloweza kuthibitishwa. "Ni mzembe" ni hasira yako tu.

Mteja anauliza kwa nini hakuvaa mkanda wa usalama. Nijibuje?

Swali hili huja kila mara, hata kwa ajali ambazo mkanda haungebadilisha kitu. Jibu kwa ukweli wa pale: jukwaa lililokamilika, lenye mbao na reli pande zote, ndilo kinga, na mtu hufanya kazi juu yake bila mkanda. Jukwaa letu halikuwa limekamilika. Hapakuwa na mahali palipotayarishwa pa kunasia kulabu, na kwa mita 3.8 mkanda wenye kamba ndefu ungeweza kumfikisha chini kabla haujamshika. Kosa lilikuwa kichwa cha jukwaa kukosa reli na ubao kuzidi. Usikubali kuongeza "mikanda 30 inunuliwe" kwenye orodha ya hatua ili kumridhisha mtu. Itanunuliwa, itaning'inia stoo.

Jina la aliyeumia na hali yake ya kiafya viwekwe?

Jina halihitajiki kwenye ripoti ya mteja. Namba ya kazi au "mfanyakazi A" inatosha. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti. Andika aina ya jeraha kwa ujumla, kama amelazwa, na siku anazotarajiwa kuwa nje ya kazi. Picha ya eksirei usiiweke. Picha ya kijana akiwa amelala chini, hiyo hata kwenye simu ya msimamizi isikae. Kabla ripoti haijatoka, hakikisha familia imeambiwa na mtu, kwa sauti, si kwa kusikia.

Bima wanasema tusikiri chochote. Mteja anataka chanzo. Tufanye nini?

Mvutano huu ni wa kweli, na bima wana hoja yao: ripoti yako inaweza kusomwa mahakamani. Tofautisha ukweli na hukumu. "Ncha ya ubao ilizidi bomba kwa milimita 600 na haikufungwa" ni ukweli, na upo kwenye picha ambayo mhandisi anayo. "Tunakiri kuwajibika kwa fidia yote" ni hukumu ambayo hakuna aliyekuomba. Wape bima rasimu wasome kabla haijatoka, nawe ukubali kupunguza maneno ya hukumu. Wakitaka uondoe kipimo au maelezo ya fundi wa plasta, kataa. Nakala za maelezo yale zinaweza kuombwa na afisa wa serikali, na ripoti mbili zisizofanana zitakuumiza kuliko ubao.

Jibu ni hilo hilo kwa meneja wa mradi anayeomba neno "msimamizi" litoke.

Hatua za kurekebisha ziwe ngapi?

Chache, na kila moja ijibu jambo lililokutwa. Kwa ajali hii zinatosha nne. Skafoldi ikiguswa na yeyote, kadi ya kijani inatolewa na jukwaa linafungwa mpaka ikaguliwe upya. Msimamizi wa skafoldi ndiye mwenye jukumu, kuanzia siku kazi inaporudi. Mbao za skafoldi zinapakwa rangi kwenye ncha ili zijulikane zikionekana kwenye fomuweki. Vichwa vya majukwaa yote vinawekewa reli kabla kazi haijarudi, na picha zinaambatishwa. Mbao za fomuweki zinafika saiti kabla tarehe ya zege haijapangwa, na hili ni la meneja wa mradi, si la afisa wa usalama.

Hatua ya nne ndiyo ngumu, kwa kuwa inagusa ratiba na pesa. Mteja akiona hatua zote ni za vibarua na hakuna hata moja ya ofisi, ana haki ya kuuliza.

Ripoti inafungwa lini?

Si siku inapotumwa. Mhandisi atarudi kukagua hatua ulizoahidi, na mpaka atie sahihi, iko wazi. Siku za kazi zilizopotea nazo hazijulikani mwanzoni: daktari aliandika majuma sita, huenda yakawa kumi. Tuma nyongeza ya ukurasa mmoja kijana akirudi kazini au daktari akimaliza tathmini ya ulemavu, ukirekebisha idadi ya siku na kusema amerudi kwenye kazi gani. Mwenye kifundo kilichounganishwa kwa chuma hatabeba karai kwa muda, kwa hiyo andika amepewa kazi gani badala yake, na kama analipwa kama zamani.